Shajara ya mradi: kuithibitisha desimali ya nne ya integrali isiyo na jibu la fomula

## 8 Machi 2025: Lengo na hesabu ya kwanza

Nataka thamani ya integrali ya e^(-x²) kutoka 0 hadi 1, kwa desimali nne, nikitumia kanuni ya trapeza na kanuni ya katikati tu. Sharti nililojiwekea ni kwamba desimali hizo nne zithibitishwe kwa karatasi. Kikokotoo chochote kitatoa namba. Ninachokitaka ni sababu ya kuiamini.

Nimechagua mkunjo huu kwa kuwa unavunja mazoea ya darasani. Wanafunzi wa sekondari Kenya hukutana na kanuni hizi mbili katika mada ya kukadiria eneo, na mara nyingi swali huishia hivi: tafuta eneo halisi kwa integrali, kisha utoe asilimia ya kosa. Kwa e^(-x²) sehemu hiyo ya mwisho haiwezekani. Kazi za Mfaransa Joseph Liouville za miaka ya 1830 ndizo zilizofungua njia ya kuthibitisha kwamba hakuna mchanganyiko wowote wa polinomia, vipeo, logi, sain na kosain ambao ukiutafutia derivativu unapata e^(-x²). Hakuna jibu kamili la kulinganisha nalo, kwa hiyo ukubwa wa kosa lazima ujulikane kwa njia nyingine.

Programu niliyotumia ni hii, na inatosha kwa mradi mzima:

```python
from math import exp

def f(x):
    return exp(-x*x)

def trapeza(f, a, b, n):
    h = (b - a) / n
    s = (f(a) + f(b)) / 2
    for i in range(1, n):
        s += f(a + i*h)
    return h * s

def katikati(f, a, b, n):
    h = (b - a) / n
    return h * sum(f(a + (i + 0.5)*h) for i in range(n))
```

Kwa vipande vinne hesabu inafanyika hata kwa mkono. Trapeza inahitaji thamani tano za mkunjo: 1, 0.939413, 0.778801, 0.569783 na 0.367879. Ya kwanza na ya mwisho zinagawanywa kwa mbili, zote zinajumlishwa, kisha jumla inazidishwa kwa 0.25. Jibu ni 0.742984. Kanuni ya katikati inachukua thamani kwenye 0.125, 0.375, 0.625 na 0.875, nayo inatoa 0.748747.

Pembeni nimeiendesha kanuni ya katikati kwa vipande 100,000 na kupata 0.7468241328. Namba hii nitaitumia kama rula ya kupimia makosa, lakini haitaingia katika uthibitisho wowote. Kwa rula hiyo, trapeza imepungua kwa 0.003840 na katikati imezidi kwa 0.001923. Makosa yako pande mbili tofauti, na la trapeza ni karibu mara mbili ya lile jingine.

Sababu yake inaonekana ukichora. Trapeza inaunganisha ncha mbili za kipande kwa mstari ulionyooka, na mahali mkunjo ulipobinuka kwenda juu mstari huo hupita chini yake. Mstatili wa katikati, kwa upande wake, una eneo sawa kabisa na trapeza iliyo chini ya mstari unaougusa mkunjo katikati ya kipande, na mstari mguso hupita juu ya mkunjo uliobinuka. Ndiyo maana moja inapungua na nyingine inazidi.

## 15 Machi 2025: Kuipata K

Mipaka ya kosa inayofundishwa ni hii, ambapo K ni namba ambayo derivativu ya pili haiizidi kwa ukubwa popote kati ya a na b:

```
|kosa la trapeza|  <= K (b - a)^3 / (12 n^2)
|kosa la katikati| <= K (b - a)^3 / (24 n^2)
```

Kugawanya kwa 12 au 24 si kazi. Kazi yote iko kwenye K. Derivativu ya pili ya e^(-x²) ni (4x² − 2)e^(-x²). Kwenye 0 inatoa −2, na kwenye 1 inatoa 0.7358.

Hapa ndipo hesabu za wengi hupotea. Mwalimu mwenzangu anayefuatilia mradi huu aliniletea K = 0.7358, kwa hoja kwamba hiyo ndiyo thamani ya juu kabisa ya derivativu ya pili kati ya 0 na 1. Kama namba yenye alama, ni kweli ndiyo ya juu. Lakini mpaka unauliza ukubwa bila kujali alama, na −2 ni kubwa kuliko 0.7358 kwa maana hiyo.

Ubaya wa K hiyo ni kwamba inakaribia mno kufanya kazi. Kwa n = 4 inaahidi kwamba kosa la trapeza halizidi 0.003832, na kosa halisi ni 0.003840. Ahadi imevunjwa, ila kwa desimali ya sita tu. Aliyezungusha namba zake hadi desimali nne asingeona kitu: angepata 0.0038 pande zote mbili na kudhani mpaka umebana vizuri ajabu. Kwa hiyo mpaka unaokaribiana mno na kosa lenyewe ninauchukulia kama dalili ya kuikagua K upya.

Ili kuwa na hakika kwamba hakuna thamani kubwa zaidi iliyojificha katikati, nimetafuta derivativu ya tatu. Ni 4x(3 − 2x²)e^(-x²). Kati ya 0 na 1 mabano hayashuki chini ya 1, kwa hiyo derivativu ya tatu ni chanya na derivativu ya pili inapanda tu kutoka −2 hadi 0.7358. Hakuna kilele cha katikati. K = 2, na sasa ina uthibitisho.

Kwa n = 4 mipaka inakuwa 0.010417 kwa trapeza na 0.005208 kwa katikati. Makosa halisi yako chini ya nusu ya mipaka hiyo, jambo la kutarajiwa: K inachukulia kwamba mkunjo umepinda kila mahali kama ulivyopinda kwenye 0, kumbe kuelekea 0.7 umenyooka karibu kabisa.

## 22 Machi 2025: Kosa dogo kuliko 0.00005 halikutosha

Desimali nne kwa mazoea humaanisha kosa lisilozidi 0.00005. Nikiweka K = 2, trapeza inahitaji n² isiyopungua 3333.3, yaani vipande 58. Katikati inahitaji n² isiyopungua 1666.7, yaani vipande 41. Nimeendesha zote mbili. Trapeza ya 58 imetoa 0.746806 na katikati ya 41 imetoa 0.746842. Zote zikizungushwa ni 0.7468.

Ningeweza kuishia hapo, na vitabu vingi huishia hapo. Lakini hebu tusome ahadi kama ilivyoandikwa. Kwa katikati ya 41, mpaka ni 0.0000496, kwa hiyo tunachokijua kwa hakika ni kwamba integrali iko kati ya 0.746793 na 0.746892. Chochote kilicho juu ya 0.74685 kinazungushwa kuwa 0.7469. Uthibitisho wetu haujaiondoa namba hiyo. Jibu 0.7468 ni sahihi, ila kwa hoja hii pekee bado hatujastahili kuliandika kama desimali nne zilizothibitishwa.

Kosa lisilozidi 0.00005 ni sharti moja. Desimali ya nne isiyobadilika ni sharti jingine, na hili la pili linategemea integrali yenyewe iko umbali gani kutoka mahali pa kuzungushia. Huwezi kulijua hilo kabla ya kukadiria. Utaratibu unakuwa wa hatua mbili: kadiria kwanza, angalia nafasi iliyobaki hadi kwenye mpaka wa kuzungusha, kisha ongeza n mpaka muda wote wa mashaka uingie ndani ya nafasi hiyo.

Nimefanya hivyo. Kwa vipande 67 katikati inatoa 0.746831 na mpaka ni 0.0000186. Muda unakuwa kutoka 0.746812 hadi 0.746850, na upande wa juu umebana kiasi kwamba nimelazimika kuutazama kwa desimali saba: 0.7468495. Uko chini ya 0.74685. Imethibitika: 0.7468.

Gharama ya njia hii ni thamani 67 za mkunjo, pamoja na kazi ya karatasi ya K.

Kuna gharama nyingine iliyojitokeza nilipojaribu kuifanya kwa kikokotoo cha mkononi badala ya programu. Ukiandika kila thamani ya mkunjo kwa desimali nne, kila moja inaweza kukosea kwa 0.00005. Kanuni zote mbili, kwa muda wenye urefu wa 1, ni wastani wa thamani hizo. Wastani wa makosa yote yenye ukubwa huo unaweza kufika 0.00005 vilevile, uwe na vipande kumi au elfu. Posho yote ya kosa inaliwa na kuzungusha kabla kanuni yenyewe haijapewa chochote, na kuongeza n hakusaidii hata kidogo. Kwa desimali saba posho inayoliwa ni 0.00000005, nayo inabebeka kwa urahisi. Atakayerudia kazi hii kwa mkono asishuke chini ya desimali saba katika jedwali lake.

## 5 Aprili 2025: Kubana pande mbili bila K

Kuitafuta K kulihitaji derivativu ya tatu na hoja juu ya alama yake. Kwa e^(-x²) hilo linavumilika. Kwa mikunjo mingine ni karaha tupu, kwa hiyo nimejaribu njia inayotumia alama ya derivativu ya pili peke yake.

Mahali mkunjo ulipobinuka, trapeza iko chini ya ukweli na katikati iko juu. Mahali ulipobonyea, mambo yanageuka. (4x² − 2) inabadilisha alama kwenye x = 1/√2, yaani 0.7071. Nimeukata muda hapo. Upande wa kushoto mkunjo umebinuka, upande wa kulia umebonyea.

Kwa hiyo trapeza ya kushoto ukijumlisha na katikati ya kulia ni namba iliyo chini ya integrali kwa hakika. Katikati ya kushoto ukijumlisha na trapeza ya kulia ni namba iliyo juu yake kwa hakika. Hakuna K, hakuna 12 wala 24.

Kwa vipande 40 kushoto na 10 kulia nimepata 0.746797 chini na 0.746844 juu. Zote mbili zinazungushwa kuwa 0.7468, basi na integrali iliyo kati yao hivyohivyo. Uthibitisho umekamilika kwa mistari miwili.

Gharama yake ni thamani 101 za mkunjo, kwa kuwa kanuni zote mbili zinaendeshwa kila upande. Nilipopunguza hadi vipande 30 kushoto na 13 kulia, bado ilisimama, kwa thamani 87. Kwa hesabu ya nukta tu, njia ya K iliyotumia 67 ni nafuu. Hata hivyo, kwangu mimi njia hii ya kubana ndiyo bora kwa ubao wa darasani. Mwanafunzi anauona uthibitisho kwenye mchoro, na hakuna K ya kukosea.

Jaribio lililoshindwa: kubana bila kukata muda. Kwa vipande vinne vya hesabu ya kwanza, trapeza na katikati ziliishika integrali kati yao, na ingeshawishi kuona kwamba ndivyo inavyokuwa siku zote. Hilo halina dhamana mkunjo unapogeuka ndani ya muda. Hapa ilitokea kwa sababu kosa la sehemu iliyobinuka ni kubwa kuliko la sehemu iliyobonyea, likalifunika. Kwenye mkunjo ambao sehemu mbili zinakaribiana, makosa hufutana na kanuni zote mbili zinaweza kuangukia upande mmoja.

## 19 Aprili 2025: √x inaivunja fomula

Nimehamia integrali ya pili: √x · e^(-x) kutoka 0 hadi 1. Hii nayo haina jibu la fomula. Mkunjo wake ni mpole machoni, unaanzia 0 na kupanda vizuri, na programu haikulalamika hata kidogo.

Lakini K haipo. Derivativu ya pili ya √x inashuka kuelekea hasi isiyo na kikomo x inapokaribia 0. Mpaka wa kosa hausemi kitu hapa, na mtu anayeendesha programu bila kugusa derivativu hatajua.

Kuna namna ya kulitambua hata kabla ya kutafuta derivativu. Kwa mkunjo laini, ukizidisha n kwa nne kosa hugawanyika kwa takriban 16. Trapeza ya vipande 16 imenipa 0.37566 na ya vipande 64 imenipa 0.37854. Jibu sahihi kwa desimali tano ni 0.37894, nitaeleza nilivyolipata. Kosa limetoka 0.00328 hadi 0.00041, yaani limegawanyika kwa 8 tu. Kosa linashuka kwa kipeo cha 1.5 cha upana wa kipande badala ya kipeo cha 2, na chanzo ni ile ncha ya kushoto. Yeyote anayeona 8 mahali pa 16 atazame ncha za muda kwanza.

Nilijaribu kulazimisha kwa kuongeza vipande. Inafika, ila polepole, na kila hatua bado haina mpaka wa kuithibitisha. Nikaacha.

Dawa ni kubadilisha kigeu. Weka x = u². Mipaka inabaki 0 na 1, dx inakuwa 2u du, √x inakuwa u, na integrali inageuka kuwa ya 2u² · e^(-u²). Mkunjo huu ni laini kila mahali. Derivativu yake ya pili ni (4 − 20u² + 8u⁴)e^(-u²). Kwenye 0 ni 4, kisha inashuka, inafika chini kabisa karibu na u = 0.902 ambapo ni −3.09, na kwenye 1 ni −2.94. Hapa kilele cha katikati kipo kweli, na aliyeangalia ncha pekee angekikosa. Bahati ni kwamba 4 bado inakizidi. K = 4.

Mabadiliko haya yamenipa pia njia ya kuhakiki jibu. Ukiitatua 2u² · e^(-u²) kwa sehemu, inabaki −1/e kujumlisha integrali ile ya kwanza ya mradi. Yaani 0.7468241 kutoa 0.3678794, ambayo ni 0.3789447.

## 3 Mei 2025: Mpaka mkubwa mara elfu ishirini kuliko kosa

Nimeendesha trapeza ya vipande 16 kwenye mkunjo mpya. Kwa K = 4 mpaka unaahidi kosa lisilozidi 0.0013. Jibu lililotoka ni 0.37894463, wakati sahihi ni 0.37894469. Kosa ni takriban 0.00000006. Mpaka ni zaidi ya mara elfu ishirini ya kosa lenyewe.

Sikutaka kulipita jambo hili. Hata vipande vinne tu vinatoa 0.378928, ambayo inakosea kwenye desimali ya tano. Kwenye mkunjo wa kwanza vipande vinne vilikosea kwenye ya tatu.

Maelezo yako kwenye miteremko ya ncha. Mpaka wa K ni ahadi ya hali mbaya kuliko zote, lakini kosa halisi la trapeza, vipande vinapokuwa vyembamba, hukaribia h²/12 mara tofauti ya mteremko wa ncha ya kulia na wa ncha ya kushoto, h ikiwa upana wa kipande. Hii ni hatua ya kwanza ya fomula ya Euler na Maclaurin. Derivativu ya 2u² · e^(-u²) ni (4u − 4u³)e^(-u²), na kwenye 0 na kwenye 1 zote ni sifuri. Tofauti ni sifuri. Sehemu ya h² imetoweka yote, na kinachobaki kinashuka kwa h⁴.

Kwenye e^(-x²) miteremko ni 0 na −0.735759. Kwa n = 4 makadirio ya kosa ni 0.735759 kugawanya kwa 192, yaani 0.003832, karibu na 0.003840 iliyopimwa tarehe 8 Machi. Hapo ndipo K yenye makosa ya mwenzangu ilipopata ukaribu wake: thamani ya derivativu ya pili kwenye 1 na tofauti ya miteremko zina ukubwa uleule kwa mkunjo huu, 2/e. Alikuwa na makadirio mazuri ya kosa mikononi, akayaita mpaka. Makadirio yanaweza kuzidiwa na kosa halisi. Mpaka hauruhusiwi kuzidiwa.

Kwa hiyo siwezi kuandika desimali sita kwenye integrali hii kwa kutegemea K = 4, hata kama najua zimo. Kwa mpaka huo, desimali nne zilizothibitishwa zinahitaji vipande vingi. Mahali pa karibu pa kuzungushia ni 0.37895, na 0.37894469 iko 0.0000053 tu chini yake. Trapeza yenyewe haikosei kwa kiasi kinachoonekana, kwa hiyo mpaka ndio unaopaswa kuingia ndani ya 0.0000053. Hapana budi 4/(12n²) ishuke chini ya hapo, na hiyo ni zaidi ya vipande 250.

Nimeiendesha kwa vipande 260. Mpaka ni 0.00000493, jibu ni 0.3789447, na muda unaishia juu kwenye 0.3789496. Desimali nne zimethibitika: 0.3789. Gharama ni thamani 261 za mkunjo, kwa integrali ambayo vipande 16 viliipa desimali sita.

Kinachofuata ni kubana hii nayo pande mbili. Derivativu ya pili inabadilisha alama mara moja kati ya 0 na 1, kwenye u² = (5 − √17)/4, yaani u karibu na 0.468, na nitakata hapo.